"Biannual", "biennial", "fortnight": tunaziandikaje kwa Kiswahili bila kumpoteza msomaji?

#1 KaraniWaMpunga
Wakuu, habari za jioni. Nina rasimu ya katiba ya umoja wa wakulima wa umwagiliaji, imeandikwa kwa Kiingereza na natakiwa kuitoa kwa Kiswahili kabla wanachama hawajaipigia kura. Kifungu cha 14 kinasema umoja utafanya mkutano mkuu ambao ni "biannual". Nimeandika "utafanyika kila baada ya miaka miwili". Mwenzangu anashikilia kwamba ni "mara mbili kwa mwaka". Kamusi niliyofungua inatoa maana zote mbili, kwa hiyo haikutuamua. Kifungu cha 16 nacho kinataka taarifa ya mkutano itolewe "fortnight" kabla. Hapo nimeandika "wiki mbili". Naombeni maoni.

#2 Mwl_Kibwana
Mwenzako ndiye aliyepatia. "Biannual" ni mara mbili kwa mwaka. Ya miaka miwili ni "biennial", neno jingine kabisa. Rekebisha kifungu, endelea na kazi.

#3 Nyakato_Mfasiri
Mwalimu, polepole. Ulichosema ndiyo kanuni ya waandishi makini, na mimi mwenyewe naifuata. Lakini "bi" ya mwanzo inasema "mbili" tu, haisemi kama mwaka unagawanywa mara mbili au unazidishwa kwa mbili. Ndiyo maana wapo watu wengi, mawakili wakiwemo, wanaoandika "biannual" wakikusudia miaka miwili, na kamusi zimeshaandika matumizi hayo. Kwa "biweekly" na "bimonthly" hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hata kanuni yenyewe haipo: "bimonthly" inaweza kuwa mara 24 kwa mwaka au mara 6.

Kwa hiyo neno hili haliwezi kujitolea ushahidi. Ushahidi utatoka kwenye vifungu vingine. Karani, tuwekee kila kifungu kinachotaja mkutano mkuu, muda wa uongozi, hesabu na ada.

#4 Shabaha_Msa
Salaam. Huku Kenya mfano mzuri ni Malezi Bora, zile wiki za Mei na Novemba ambapo watoto hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Bara kwenu Tanzania ni Juni na Desemba. Kwenye nyaraka za Kiingereza utaona "biannual" au "semiannual". Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000, wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano hupewa 200,000, na dozi hiyo akiba yake mwilini ni ya miezi kadhaa tu. Sasa bango liandikwe "kila baada ya miaka miwili". Mzazi akilifuata, mtoto anayestahili dozi tisa au kumi hivi ataishia na mbili tatu.

Pale usiandike hata "mara mbili kwa mwaka" peke yake. Andika "kila miezi sita". "Mara mbili kwa mwaka" inaruhusu Januari na Februari.

#5 HesabuKwanza
Naunga mkono hoja ya mwisho ya Shabaha. Hatifungani za serikali zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, lakini kinachomhusu mwenye hatifungani ni kwamba malipo yanapishana miezi sita. Ukiwa na milioni 10 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unapata 600,000, unasubiri miezi sita, unapata 600,000 nyingine. Wapo wanaosoma "asilimia 12, hulipwa mara mbili kwa mwaka" wakadhani ni asilimia 12 kila mara. Mfasiri aandike mawili: kiwango ni cha mwaka mzima, na nusu yake ndiyo inayolipwa kila baada ya miezi sita.

#6 KaraniWaMpunga
Asanteni. @Nyakato_Mfasiri, vifungu hivi hapa kwa ufupi:

Cha 14: mkutano mkuu ni "biannual".
Cha 17: viongozi watachaguliwa kwenye kila mkutano wa pili wa aina hiyo.
Cha 19: mweka hazina atawasilisha hesabu za mwaka zilizokaguliwa mbele ya mkutano mkuu.
Cha 22: kiongozi atakaa madarakani miaka minne.

#7 Nyakato_Mfasiri
Sasa tuna pa kushika. Chukua cha 14 kwa maana ya mara mbili kwa mwaka. Mkutano wa kwanza Machi 2026, wa pili Septemba 2026, na uchaguzi kwenye kila mkutano wa pili. Maana yake uchaguzi kila mwaka. Kifungu cha 22 kinampa kiongozi miaka minne. Haviendi pamoja.

Chukua maana ya miaka miwili. Mkutano Machi 2026, unaofuata Machi 2028, halafu Machi 2030. Uchaguzi ukifanyika 2026, mkutano wa pili baada yake ni 2030. Miaka minne kamili. Vifungu vya 14, 17 na 22 vinakaa sawa bila kusukumwa.

Kwa hiyo tafsiri ya kwanza ya Karani inaelekea ndiyo aliyokusudia mwandishi, ingawa neno alilotumia silo lililopaswa kuwa pale.

#8 HesabuKwanza
Hapana, Nyakato, umekiruka cha 19. Hesabu ni za mwaka, zimekaguliwa, na zinapelekwa mkutano mkuu. Kama mkutano ni wa miaka miwili, hesabu za 2026 zitasubiri hadi Machi 2028 ndipo wanachama wazione, pamoja na za 2027. Miezi 14 baada ya mwaka kufungwa. Umoja unaokusanya ada za maji na kulipa fundi wa mifereji hauwezi kuendeshwa hivyo. Kwa ushahidi wa fedha, mkutano ni angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili inakubalika: mmoja wa hesabu, mwingine wa bajeti.

#9 Nyakato_Mfasiri
Cha 19 hakisemi "kila mwaka". Kinasema hesabu za mwaka ziwasilishwe mbele ya mkutano. Hesabu za miaka miwili zinaweza kuwasilishwa kwa pamoja, hata kama ni utaratibu mbovu. Mfasiri hafasiri utaratibu mzuri, anafasiri ulioandikwa.

#10 Mwl_Kibwana
Na mimi nasema vilevile: ulioandikwa ni "biannual". Mkianza kusahihisha rasimu ya mwanasheria kwa hesabu za uchaguzi, mmetoka kwenye kutafsiri mmeingia kwenye kutunga. Yawezekana kosa liko cha 17 au cha 22, siyo cha 14.

#11 Mkaazi_Minnesota
Wadau, naongeza upande wa mishahara, maana hapa Marekani ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. "Biweekly" kwenye mkataba wa kazi huku kwa kawaida ni kila wiki mbili, malipo 26 kwa mwaka. Ukikuta "semimonthly" ni tarehe mbili maalumu za kila mwezi, mara nyingi ya 15 na ya mwisho, malipo 24. Mshahara wa dola 52,000 kwa mwaka ukigawanywa kwa 26 unapata 2,000, ukigawanywa kwa 24 unapata 2,166 na senti. Kabla ya makato, lakini.

Shida inakuja kwenye kodi ya nyumba, inayolipwa kwa mwezi. Wa malipo 26 hupata malipo mawili kwa mwezi, isipokuwa miezi miwili ya mwaka inayoangukia malipo matatu. Aliyelipwa Ijumaa ya tarehe 2 Januari 2026 atalipwa tena tarehe 16 na 30, na mwezi mwingine wa namna hiyo ni Julai: tarehe 3, 17 na 31. Bajeti ya mwezi ipangwe kwa malipo mawili. Ukipanga kwa wastani utakwama Februari.

Ukimtafsiria mtu mkataba kama huu, usiandike "mara mbili kwa mwezi". Andika "kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa".

#12 Shabaha_Msa
Na Wamarekani "fortnight" hawaitumii sana, ni neno la Waingereza na waliotawaliwa nao. Asili yake ni usiku kumi na nne, na kwa hiyo halina mashaka: siku 14, basi. Laiti maneno yao yote yangekuwa hivyo.

#13 Papa_Lushi
Jambo kwenu wote, ndugu. Hapa Lubumbashi mambo ni mengine. Sisi Kifaransa kilitufunza kusema siku kumi na tano kwa wiki mbili, na siku nane kwa wiki moja. Mtu akikwambia "nitarudia kisha siku kumi na tano", kama leo ni Jumatatu, atarudi Jumatatu, siyo Jumanne. Anahesabu na siku ya leo ndani. Na wiki wengi wanaiita posho, toka zamani za kupokea chakula cha juma kazini. Posho mbili, basi, ndiyo hiyo "fortnight" yenu.

Kifaransa kimetenganisha vizuri: gazeti "bimensuel" linatoka mara mbili kwa mwezi, "bimestriel" mara moja kwa miezi miwili. Lakini hata wenyewe wanachanganya.

#14 KaraniWaMpunga
@Papa_Lushi, umenitia wasiwasi na kifungu cha 16 sasa. Kama mkutano ni Jumamosi tarehe 28 Machi 2026, taarifa itoke lini? Wiki mbili nyuma ni Jumamosi tarehe 14.

#15 Nyakato_Mfasiri
Hilo ni swali zuri kuliko la kifungu cha 14. Ukihesabu wiki kwa wiki, tarehe 14 inatosha. Lakini kuna wanaotaka siku 14 kamili katikati, bila kuhesabu siku ya kutoa taarifa wala siku ya mkutano. Hesabu tarehe 14 hadi 27 Machi: hizo ndizo siku 14 za katikati. Kwa hiyo taarifa iwe imetoka Ijumaa tarehe 13. Tofauti ni siku moja, na siku hiyo moja inatosha mtu aliyeshindwa uchaguzi kudai mkutano ni batili.

Mimi ningeandika: "taarifa itatolewa siku zisizopungua 14 kabla ya mkutano, bila kuhesabu siku ya taarifa na siku ya mkutano." Lakini hiyo nyongeza ya mwisho haimo kwenye rasimu, kwa hiyo mwandishi aikubali kwanza. Kama hakuikubali, baki na "siku 14".

#16 Mfamasia_wa_Zamu
Naomba niingilie "kila baada ya", maana wote mnaitumia kana kwamba haina shida. Mgonjwa akiambiwa dawa anywe "kila baada ya saa nane", anakunywa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Sawa. Akiambiwa "kila baada ya siku moja", anakunywa Jumatatu, anaruka Jumanne, anakunywa Jumatano. Wote tunaelewa hivyo. Sasa kama "baada ya siku moja" ni kuruka siku moja, mbona "baada ya miaka miwili" isiwe kuruka miaka miwili? Mkutano 2026, unaruka 2027 na 2028, unafanyika 2029.

Ndiyo maana kwenye pakiti naandika majina ya siku: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumapili, halafu Jumanne ya wiki inayofuata. Wanaokosea hasa ni kwenye wiki ya pili, mgonjwa anarudi Jumatatu kwa mazoea, na anakuwa amemeza dawa siku mbili mfululizo.

#17 Mwl_Kibwana
Matumizi yamekwisha kuamua hilo. Kombe la Dunia hufanyika kila baada ya miaka minne: 2018, 2022, 2026. Hakuna Mswahili aliyelisubiri 2023. AFCON vivyo hivyo kwa miaka mingi ilikuwa kila baada ya miaka miwili: 2008, 2010, 2012, 2014.

#18 Shabaha_Msa
Mwalimu, AFCON ya 2014 haikuwepo. Baada ya 2012 ilichezwa 2013, ili isigongane tena na mwaka wa Kombe la Dunia, ndipo 2015. Na ile ya 2021 ilichezwa Januari 2022, ya 2023 ikachezwa Januari 2024. Majina ya miaka yamebaki na mpira umechezwa mwaka mwingine. Lakini hoja yako nimeielewa.

#19 Mfamasia_wa_Zamu
Kombe la Dunia tunajua ratiba yake kabla ya kusikia maneno. Mwanachama mpya wa umoja wa Karani hajui. Maneno tu ndiyo aliyonayo.

#20 Nyakato_Mfasiri
Nadhani tofauti yenu inatokana na jinsi siku na mwaka vinavyohesabiwa. Mwaka tunaupima kutoka tarehe hadi tarehe: Machi 2026 hadi Machi 2028 miaka miwili imepita. Siku tunaihesabu kama kitu kizima, ama imetumika ama imerukwa. Saa nazo zinapimwa kama miaka.

#21 HesabuKwanza
Mimi naona sababu ni nyepesi zaidi. "Kila baada ya siku moja" ingekuwa na maana ya kila siku, mtu angesema tu "kila siku". Msikilizaji anaona umeongeza maneno, anatafuta maana nyingine, ndipo anaruka. Ukisema "kila baada ya siku tatu", hapo waulize watu kumi uone. Wapo watakaotoka Jumatatu hadi Alhamisi na wapo watakaofika Ijumaa.

#22 ShambaDarasa
Samahani nimechelewa. Kwa swali la "biennial", kwenye pakiti za mbegu maana yake si kila baada ya miaka miwili. Ni mmea unaomaliza maisha yake kwa misimu miwili: wa kwanza unaweka akiba, wa pili unatoa maua na mbegu. Karoti, kabichi na kitunguu vyote ni hivyo. Ukiandika "hupandwa kila baada ya miaka miwili" mkulima ataacha shamba bure.

Karoti inahitaji kupigwa na baridi wiki kadhaa ndipo itoe shina la maua. Nyanda za joto haitoi, ndiyo maana mbegu nyingi hununuliwa. Na ikitoa shina mapema, kabla hujavuna, mzizi unakuwa mgumu kama mti katikati na hauuziki. Mimi huandika "mmea wa misimu miwili". Neno "mwaka" ningeliepuka, maana huku kwetu penye masika na vuli mwaka mmoja una misimu miwili tayari.

#23 KaraniWaMpunga
Ni mkutano, mkuu, siyo mbegu. Lakini nimejifunza, asante.

#24 BintiMakunduchi
Naona mmesahau pwani. Mnatafuta neno la siku 14 na bahari inazo tayari. Bamvua hadi bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi, kwa sababu bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huwa katikati yake. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi zao hivyo: wanakwenda kufunga na kuvuna wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, na mwani hukaa kiasi cha wiki sita, yaani bamvua tatu. Hakuna anayehitaji kalenda ya ukutani.

Na "muongo" wa siku hizi wa miaka kumi, hesabu ya zamani ya mabaharia na wakulima iliutumia mwongo kwa siku kumi. Mwaka wa Nairuzi ni miongo 36 na siku tano za kujaliza, ndipo unafika Mwaka Kogwa. Kwa hiyo mwenye kusoma maandishi ya zamani akikuta "mwongo wa ishirini" asidhani ni miaka mia mbili.

#25 HesabuKwanza
Bamvua nimeipenda, ila haifai kwenye mkataba. Hiyo robo tatu inasogeza tarehe. Bamvua 26 ni kama siku 384, mwaka umekupita.

#26 Shabaha_Msa
Na "muhula" nao msiutumie kwa nusu mwaka. Shule za Tanzania zina mihula miwili, za Kenya mitatu. Katiba ikisema "kila muhula", Mmombasa na Mtanga hawatakutana.

#27 KaraniWaMpunga
Wakuu, nimempigia mwanasheria aliyeandika rasimu. Nimemuuliza kama alikusudia "biannual" au "biennial". Amejibu "ndiyo, biannual, kama nilivyoandika". Sijasogea hata hatua moja.

#28 Nyakato_Mfasiri
Swali hilo linarudisha neno lilelile. Muulize bila kulitaja: "Mkutano wa kwanza ukifanyika Machi 2026, wa pili utafanyika mwezi gani na mwaka gani?" Akijibu Septemba 2026, umemaliza cha 14, na umwonyeshe kwamba cha 17 na 22 vinagombana. Akijibu Machi 2028, mwonyeshe cha 19 alichokisema HesabuKwanza, aamue hesabu za mwaka wa katikati zipitishwe na nani. Omba jibu kwa maandishi.

Kisha kwenye Kiswahili weka idadi, nafasi na mfano. Kwa jibu la kwanza: "Mkutano mkuu utafanyika mara mbili kila mwaka, mmoja mwezi Machi na mwingine mwezi Septemba." Kwa la pili: "Mkutano mkuu utafanyika mara moja katika kila miaka miwili, mwezi Machi wa 2026, 2028, 2030 na kuendelea." Mfano wa miaka ndio unaoziba tundu la Mfamasia.

#29 Mfamasia_wa_Zamu
Hapo nakubali. Ila "mara moja katika kila miaka miwili" nayo inaruhusu Desemba 2027 kisha Januari 2028. Usiuondoe huo mwezi.

#30 Mwl_Kibwana
Mimi bado nasema kifungu cha 14 kiko sahihi na cha 17 ndicho kibovu. Karani, ukipata jibu la maandishi lilete hapa tuone.

#31 Papa_Lushi
Na ile taarifa ya siku 14, kama mnayo wanachama waliotoka huku kwetu, wahesabieni kwa vidole. Watakuja na kumi na tano.